Kumpa Shosti Kazi Uliyoikataa: Makombo au Mchongo?

Kuna stori imezunguka sana kwenye magrupu ya Wasap ya watu wa redio na runinga hapa Dar, na najua wengi wenu mmeipata ikiwa imeshaongezwa chumvi na pilipili. Mtangazaji mmoja wa kike, wa kipindi cha mchana, sauti yake mnaijua wote, alipigiwa simu kuhusu kazi kwenye kampuni moja ya vinywaji. Akaikataa. Halafu akamtaja rafiki yake, na rafiki akaipata. Sasa hivi huyo rafiki ndiye anayeendesha kurasa zote za ile kampuni mtandaoni, na maneno ya mjini ni yale yale: "Kamtupia shosti makombo."

Nimeongea na wote wawili. Wamenipa stori nzima kwa sharti la kutowataja majina, na kampuni pia siitaji, kwa hiyo msianze kubahatisha huko chini. Hapa nitamwita mmoja Mtangazaji na mwingine Shosti.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kazi uliyoikataa inaweza kuwa makombo kweli, na inaweza kuwa mchongo wa maana. Kinacholeta tofauti ni kitu kimoja: sababu yako ya kukataa inakuhusu wewe, au inaihusu kazi yenyewe? Kama umekataa kwa sababu ya maisha yako, hiyo kazi bado ni nzima, mpe mwenzio. Kama umekataa kwa sababu mishahara huko inachelewa miezi miwili, au bosi ana mikono mirefu kwa wasichana, hapo ukimtaja rafiki yako unamtupia mfupa. Na Mtangazaji wetu alijua sababu yake ni ipi kabla hajafungua mdomo.

Ilikuwaje

Aliyempigia alikuwa dada wa wakala wa ajira, yaani mtu aliyepewa kazi na kampuni ya vinywaji amtafutie msimamizi wa kurasa za mitandao. Kazi yenyewe ni kupanga posti za mwezi mzima, kusimamia mpigapicha na mhariri wa video, kujibu wateja, na kusafiri na matamasha ya kampuni. Mwanza, Arusha, Mbeya, Dodoma. Karibu wiki mbili za kila mwezi uko barabarani, na Jumamosi na Jumapili nyingi unakuwa kazini. Mshahara aliotajiwa ni kati ya milioni 1.8 na milioni 2.2 kwa mwezi kabla ya makato.

Mtangazaji ana mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Pia mkataba wake wa redio unamkataza kutangaza bidhaa ya kampuni nyingine bila ruhusa, na hakuwa tayari kuacha kipindi. Hizo ndizo sababu mbili. Zote zinamhusu yeye. Kazi haikuwa na kasoro.

Na alikuwa na rafiki. Shosti alikuwa mhariri wa klipu pale pale redioni, wamefanya kazi pamoja miaka miwili, hana mtoto, anapenda safari, na mshahara wake ulikuwa laki nane na nusu. Mpaka hapo mnaona picha. Lakini kati ya kuwa na rafiki na rafiki kupata kazi kuna njia ndefu, na wengi wetu tunapotelea hapo katikati.

Kataa kwanza, taja jina baadaye

Watu wengi wakipigiwa simu kama ile hujibu hivi: "Aah dada, mi ninabanwa kidogo kwa sasa, labda tuone, ila nina rafiki yangu pia yupo." Hilo jibu ni bovu, na linamuumiza rafiki zaidi ya anayelitoa.

Mtu wa ajira akisikia "labda tuone" anaelewa kwamba unataka dau lipande. Anarudi kwa kampuni, anawaambia huyu bado yupo mezani, tuongeze kidogo. Jina la rafiki yako analiandika pembeni kama tairi la akiba. Wanaendelea kukubembeleza wewe wiki mbili, na siku unasema hapana ya mwisho kampuni imeshachoka kusubiri, au wakala mwingine ameshaleta watu wake. Rafiki hakupigiwa hata simu.

Mtangazaji alisema hivi, na nimemwomba anirudie maneno yenyewe: "Dada nashukuru sana kwa kunifikiria. Hii kazi sitaichukua, hata dau likipanda, kwa sababu siwezi kusafiri na siachi redio. Lakini kuna mtu mmoja ninamfikiria. Nipe mpaka kesho saa nne asubuhi nimuulize mwenyewe kwanza. Na naomba ruhusa nimtajie kiwango ulichoniambia."

Angalieni lile "hata dau likipanda". Limefunga mlango wake kabisa, na mlango ukishafungwa upande mmoja ndipo wakala anageuka kuangalia upande wa pili. Mara nyingi wakala hulipwa na kampuni pale kiti kinapopata mtu. Ukimkataa na ukaishia hapo, umemrudisha mwanzo wa kazi. Ukimkataa na ukampa jina zuri ndani ya siku moja, umemwokolea wiki nzima. Kwa hiyo yule dada alikubali vyote viwili, muda na kiwango.

Halafu kuna hili la muda. Saa nne kesho yake, siyo "nitakucheki". Nafasi za kampuni binafsi zina orodha ya watu wachache watakaoitwa kwenye usaili, na orodha hiyo hufungwa. Jina likifika baada ya orodha kufungwa, hata liwe la malaika, linabaki kwenye simu ya mtu.

Namba ya rafiki siyo yako kuigawa

Hapa ndipo wadau wengi mnaniambiaga ninakuza mambo. "Si unampa tu namba, kwani anamuuza?" Sikilizeni stori ya upande wa pili.

Mchekeshaji mmoja, wale wa klipu fupi za Instagramu, naye alikataa kazi ya kuandika matangazo kwenye kampuni fulani. Kwa roho safi kabisa akatoa namba ya mshkaji wake bila kumwambia. Wakala akapiga saa tano asubuhi. Jamaa yuko ofisini, simu iko mezani, spika imewashwa kwa sababu alikuwa anaongea na mteja dakika chache nyuma, na bosi amesimama hapo hapo. "Habari, napiga kuhusu ile nafasi ya kazi, nimeambiwa unatafuta kutoka hapo ulipo." Jamaa hakuwa hata anatafuta. Tangu siku hiyo bosi akamhesabu kama mtu anayeondoka. Ile safari ya mafunzo aliyokuwa ameahidiwa akapewa mwingine. Na kazi mpya hakuipata, maana alijibu simu kwa woga kama mtu aliyefumaniwa.

Mchekeshaji alikuwa na nia njema, na nia njema haikumsaidia mshkaji wake kitu.

Na siyo ustaarabu peke yake. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Namba ya simu ya mtu, sivii yake, mshahara wake, hizo ni taarifa zake. Sisemi kwamba polisi watakuja kwako kwa kutoa namba ya mshikaji. Nasema hata nchi imeshakubali kwamba mwenye taarifa ndiye anayepaswa kuulizwa. Kumuuliza ni meseji moja: "Kuna kazi hii na hii, nimeikataa, nataka kukutaja. Nikutaje? Wakupigie saa ngapi?" Dakika mbili.

Mtangazaji alimpigia Shosti usiku ule ule. Shosti alisema ndiyo, lakini akaweka sharti: wampigie baada ya saa kumi na mbili jioni, au wamwandikie barua pepe. Sharti hilo lilifika kwa wakala pamoja na jina.

Mwambie kiasi, na mwambie kwa nini umekataa

Hapa ndipo penye hela, kwa hiyo tuende taratibu.

Kwenye usaili wa kampuni binafsi kuna swali halikosekani: "Unatarajia mshahara kiasi gani?" Shosti alikuwa analipwa laki nane na nusu. Aliniambia bila kuficha kwamba kama asingeambiwa chochote, angejikaza na kusema milioni 1.2, tena kwa kutetemeka, na angetoka pale akijiona amepiga bao. Kampuni ilikuwa imetenga mpaka milioni 2.2. Wangemkubalia haraka haraka, wakampeana mikono, na kila mwezi angeacha mezani karibu milioni nzima bila kujua.

Kwa sababu aliambiwa kiwango, alisema milioni 2. Wakavutana, wakakubaliana milioni 1.85 pamoja na posho ya safari. Zidisha mwenyewe. Tofauti ya 1.85 na 1.2 ni laki sita na nusu kwa mwezi, yaani milioni 7.8 kwa mwaka. Hiyo yote imetokana na sentensi moja ya rafiki kwenye simu.

Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "mambo ya mshahara ni siri, nilimpa mchongo tu basi", namwona ametoa nusu. Kama ulisaini karatasi ya kutunza siri, sawa, heshimu saini yako. Kama hukusaini, omba ruhusa kama alivyofanya Mtangazaji. Wakala wengi watakuruhusu, kwa sababu nao hawataki kupeleka mtu ambaye wataachana naye kwenye mshahara dakika ya mwisho.

Upande wa pili wa ukweli ni sababu ya kukataa. Mtangazaji alimwambia Shosti yote: safari wiki mbili, wikiendi hakuna, na kwamba yule meneja wa kampuni anajulikana kwa kutuma meseji za kazi saa nne usiku. Shosti akajibu, "Saa nne usiku mi niko macho nahariri, safari ndiyo naitaka, wikiendi tutaona." Alichagua huku anaona.

Sasa hapo makombo yako wapi? Makombo ni kile unachopewa bila kuambiwa kilikuwa kwenye sahani ya nani na kwa nini kiliachwa. Aliyeambiwa kila kitu na akasema "naitaka" hajatupiwa kitu na mtu.

Na kama unajiona unataka kumficha rafiki yako sababu yako, simama hapo hapo. Hiyo aibu unayoisikia ndiyo jibu lenyewe. Ina maana unajua kwamba akiisikia naye atakataa. Basi usimtaje, mwambie wakala sina mtu, maisha yaendelee.

Usimsifie, eleza ulichokiona

Twende kwenye meseji yenyewe, maana mnaniulizaga sana inaandikwaje. Ya kawaida inakuwa hivi: "Dada huyu ni rafiki yangu wa damu, mchapakazi, mbunifu, anajituma sana, na kwa kweli ana shida na kazi, naomba umsaidie."

Ina makosa mawili makubwa. La kwanza, mchapakazi na mbunifu ni maneno ya kila sivii nchi hii. Wakala anayasoma mara hamsini kwa siku, hayamwambii kitu. La pili ndilo linaloniuma: "ana shida na kazi". Unadhani unamwombea huruma, kumbe unamshusha bei. Kampuni haiajiri kwa huruma, na mtu aliyetambulishwa kama mwenye shida anaingia kwenye mazungumzo ya mshahara akiwa ameshapigwa goli. Shida za rafiki yako, kodi ya nyumba, mama anaumwa, mimba, talaka, havina kazi kwenye meseji ya ajira. Hata kama unaona vinagusa moyo.

Hii hapa ndiyo meseji ambayo Mtangazaji aliituma asubuhi, saa tatu na dakika arobaini. Nimeipunguza kidogo tu ili wahusika wasijulikane:

"Habari za asubuhi dada. Yule mtu niliyekuambia amekubali nimtaje. Nimefanya naye kazi miaka miwili, yeye anahariri klipu zote za kipindi chetu na siku za matamasha ndiye anayeshika kurasa. Mwaka jana usiku wa tamasha tuliposti jina la mdhamini vibaya. Yeye ndiye aliyeliona kabla mdhamini hajaliona, akaitoa posti, akaweka sahihi, na akampigia mdhamini mwenyewe kumwambia. Yote ilichukua kama dakika ishirini. Niliona kwa macho yangu. Kitu ambacho hajafanya ni kusimamia bajeti kubwa ya matangazo ya kulipia, hapo atahitaji mtu wa kumwelekeza mwanzoni. Safari hazimpi shida. Analipwa kwa mwezi, kwa hiyo atahitaji siku 28 za notisi. Anaomba umpigie baada ya saa kumi na mbili jioni. Mengine ataeleza mwenyewe."

Soma tena taratibu. Sifa haimo hata moja. Kuna tukio moja ambalo Mtangazaji alilishuhudia, na lile tukio linafanana na kazi inayotafutiwa mtu. Msimamizi wa kurasa za kampuni kubwa siku yake mbaya ni siku ya posti iliyokosewa, na hapo wakala ameshaambiwa huyu mtu siku hiyo anafanyaje. Na kwenye usaili wanaweza kumuuliza Shosti kuhusu usiku ule, naye akasimulia vizuri kwa sababu ni stori yake kweli. Waliuliza, na akasimulia.

Kisha kuna ile sentensi ya udhaifu. Shosti mwenyewe alipoonyeshwa meseji kabla haijatumwa alishtuka: "Sasa mbona unanichoma?" Lakini ile sentensi ndiyo iliyofanya nyingine zote ziaminike. Mtu anayesema rafiki yake anajua kila kitu, wakala anampa nusu masikio. Mtu anayesema hiki anakiweza na hiki bado, anasikilizwa kwenye vyote viwili. Tena swali la bajeti lilipokuja kwenye usaili halikumkuta Shosti amelala. Alikuwa ameshajiandaa, akasema amewahi kulipia matangazo ya mpaka laki tano na akaeleza alipima vipi matokeo. Angalia pia kwamba udhaifu uliotajwa ni wa kazi, unaofundishika. Hakusema "ana hasira" wala "huwa anachelewa". Kama rafiki yako ana tabia ambayo ungeona aibu kuitaja, pengine siyo yeye wa kumtaja.

Na zile siku 28 hazikutoka hewani. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mtu anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza wa kazi, atoe notisi isiyopungua siku 28, labda mkataba wake uwe na muda mrefu zaidi. Kuliandika mapema kunazuia ile aibu ya kampuni kusema "anza Jumatatu" na rafiki yako kuikimbia kazi ya zamani bila kuaga.

Ukishataja, kaa pembeni

Baada ya meseji ile Mtangazaji hakupiga simu ya "vipi mmemchukua?" Wakala alimpigia mara moja kuuliza kuhusu usiku wa tamasha, akajibu, wakamalizana. Shosti alienda kwenye usaili mara mbili, akaandika jaribio la posti za wiki moja, akashindana na wengine watatu. Alipata kwa mikono yake. Jina la rafiki lilimfikisha mlangoni, na hapo ndipo nguvu yake inapoishia.

Ukivuka hapo unaingia kwenye kitu kingine. Kupendekeza na kupenyeza ni vitu viwili tofauti. Kupendekeza unampa anayeajiri kitu cha kukipima. Kupenyeza unamtaka asipime. Ndiyo maana kwenye ajira za serikali zinazopita Sekretarieti ya Ajira huu utaratibu wote hauna nafasi. Kule tangazo linatoka hadharani, kila mtu anaomba mwenyewe kupitia Ajira Portal na anafanya usaili. Rafiki mzuri hapo kazi yake ni kumtumia mwenzie tangazo kabla siku ya mwisho haijapita. Ukisikia mtu anakwambia atakutaja kwa mkubwa fulani ili upite, kimbia.

Na yule anayesema "nimekupa mchongo, mshahara wa kwanza tugawane"? Huyo ni dalali. Kama unataka udalali sema mapema, rafiki yako ajue anaongea na nani.

"Na akiniharibia jina?"

Hili ndilo nililoambiwa sana nilipowagusia watu hii mada. Hofu hiyo ina msingi, siwezi kuidharau. Ukimtaja mtu na akavurunda, wakala hatapokea simu yako ya pili kwa furaha. Lakini rudini kwenye meseji. Mtangazaji alisema alichokiona na akasema asichokijua. Shosti angevurunda kwenye bajeti, tayari ilishasemwa. Anayeharibikiwa jina ni yule aliyeapa kwamba rafiki yake anaweza kila kitu. Sema ulichoshuhudia tu, na jina lako litakuwa limebeba mzigo unaoweza kuubeba.

Hofu ya pili haisemwi kwa sauti. Ni hii: "Akinipita je?" Leo Shosti anapokea mshahara unaomzidi Mtangazaji. Ndiyo, mmesoma vizuri. Nilimuuliza Mtangazaji kama haimchomi. Akacheka, akasema, "Kazi ile mi nisingeichukua hata kidogo. Sasa niizuie ili nani aipate? Mtu nisiyemjua?"

Hapo alisema kitu ambacho mtaalamu mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, alikichunguza zamani sana. Kwenye andiko lake la mwaka 1973 alieleza kuhusu watu waliobadilisha kazi kwenye mji mmoja karibu na Boston. Wengi wa waliopata habari ya kazi kupitia mtu walisema mtu huyo walikuwa wanaonana naye mara chache tu. Maana yake ni nyepesi. Marafiki mnaoshinda pamoja mnajua habari zile zile. Habari mpya inatoka nje ya kijiwe. Yule dada wa ajira alikuwa nje ya kijiwe cha Shosti kabisa, na daraja pekee kati yao lilikuwa ni Mtangazaji. Daraja likikaa kimya, Shosti asingejua hata kwamba kulikuwa na mto.

Kwa hiyo wanaosema makombo, mi naona wanakosea mahali pa kuangalia. Wanaangalia nani aliitwa wa kwanza. Kuitwa wa kwanza hakuifanyi kazi kuwa tamu, na kuitwa wa pili hakuifanyi kuwa chachu. Shosti anajua aliitwa wa pili, anajua kwa nini wa kwanza alikataa, anajua kiasi kilichokuwa mezani, na alishindana na watu watatu kukipata. Kuna watu wameitwa wa kwanza maishani mwao na hawakuambiwa hata robo ya hayo.

Haya, uwanja wenu. Ushawahi kukataa kazi ukamtaja mtu, au ukakaa kimya? Na wewe uliyewahi kupewa kazi iliyokataliwa na rafiki, uliambiwa sababu yake kabla hujasaini, au uliikuta huko huko ndani? Tiririkeni, ila majina ya watu na kampuni wekeni mfukoni.